Kitufe cha kujitoa kikifichwa, hesabu ya wateja waliobaki inatuambia nini?

Mama mdogo alinipigia kutoka Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba akaenda moja kwa moja kwenye shida yake: "Mwanangu, ile programu ya mapishi niliifuta kwenye simu tangu kabla ya mfungo. Mbona bado wanakata?"

Nilipofika kwake Jumamosi tukakaa barazani, simu mkononi mwake, mimi pembeni. Ilibidi kwanza tuirudishe ile programu kwenye simu, maana bila hivyo hatukuwa na pa kuanzia. Ukurasa wa akaunti ulikuwa na picha, jina, lugha na arifa. Neno "jitoe" halikuwepo. Tukaingia kwenye mipangilio, kisha malipo, kisha mpango wake, na huko chini kabisa, baada ya kusogeza skrini mara tatu, tukakuta neno moja la kijivu kilichofifia: "Dhibiti". Akabonyeza. Ukaja ukurasa wenye picha ya pilau, ukimuuliza kama kweli anataka kuyakosa mapishi yake yote. Kitufe kikubwa cha kijani kilisema "Baki", na njia ya kuendelea ilikuwa mstari mdogo chini yake. Ukurasa wa pili ukampa punguzo. Wa tatu ukamtaka achague sababu. Hapo mteja wa vitumbua akapiga hodi, mama akaweka simu mkekani akaenda kuhudumia. Aliporudi, programu ilikuwa imejirudisha mwanzo.

"Basi tuache," akasema. "Wacha wale."

Kazi yangu ni kusoma majedwali ya wateja wanaolipa kila mwezi, kwa hiyo najua dakika ile iliandikwaje upande wa pili. Mteja amefungua ukurasa wa kujitoa, hakukamilisha, bado analipa. Katika ripoti nyingi mtu wa namna hiyo anawekwa kwenye safu ya "waliookolewa". Mwisho wa mwezi anaingia kwenye asilimia ya wateja waliobaki, anasimama sawasawa na mwanamke mwingine anayefungua programu ile kila jioni na kupika kwayo. Ninachotaka kueleza hapa ni namna ya kuwatenganisha hao wawili, maana inawezekana, na si kazi ngumu kama wakubwa wengi wanavyodhani.

Kimya cha king'amuzi na kimya cha kadi

Tuanze na maneno. Kiwango cha kubaki ni hesabu rahisi: kati ya watu 100 waliolipa mwezi huu, wangapi wamelipa na mwezi unaofuata? Wakiwa 96, kiwango cha kubaki ni asilimia 96 na kiwango cha kuondoka ni asilimia 4. Vikwazo vya kujitoa ni kila kitu kinachomlazimisha mtu aliyekwisha kuamua kuondoka atumie muda na akili nyingi kuliko alivyotumia siku ya kujiunga: kitufe kilichofichwa, kurasa zinazofuatana, maswali, au sharti la kupiga simu saa za kazi.

Asilimia hizo zinaonekana ndogo, ila uzito wake ni mkubwa. Kama wateja asilimia 4 huondoka kila mwezi, mteja wa kawaida anatarajiwa kukaa miezi 25, yaani 100 ukigawa kwa 4. Wakiwa asilimia 8, anatarajiwa kukaa miezi 12 na nusu tu. Kwa hiyo anayefanikiwa kupunguza waondokao kutoka 8 hadi 4 anaonekana ameongeza thamani ya kila mteja mara mbili. Wawekezaji huipenda sana namba hii, na bonasi za mameneja hufungwa nayo. Ndipo kishawishi kinapoanzia.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumezoea mfumo mwingine kabisa. Kifurushi cha king'amuzi kikiisha, picha inakatika. Umeme wa Luku ukiisha, taa zinazima. Usipolipa umeondoka, na huhitaji kumwambia mtu yeyote. Katika mfumo huo kimya maana yake ni hapana, na anayebaki amebaki kwa kutoa pesa mfukoni upya kila mara.

Malipo yanayojirudia yenyewe kwenye kadi yamegeuza maana ya kimya. Hapa ukikaa kimya umesema ndiyo. Mteja aliyeridhika yuko kimya, aliyesahau yuko kimya, aliyefuta programu akidhani amejitoa yuko kimya, na aliyeshindwa kukiona kitufe yuko kimya vilevile. Kiwango cha kubaki kinawahesabu wote wanne kuwa kitu kimoja. Kitufe kinapofichwa, kundi la nne linaongezeka, asilimia inapanda, na hakuna kilichobadilika katika ubora wa huduma.

Niseme hapa kuhusu kufuta programu, kwa sababu nimelisikia mara nyingi mno. Kuiondoa programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Kama ulijiunga kupitia duka la programu la Google au la Apple, malipo husimamishwa ndani ya akaunti yako ya duka hilo, kwenye orodha ya usajili. Kama ulitoa namba ya kadi kwenye tovuti ya huduma yenyewe, unajitoa kwenye tovuti hiyo. Simu ni dirisha tu, mkataba uko kwingine.

Njia ya Amazon iliyoitwa Iliad

Kesi iliyoliweka jambo hili mbele ya watu wengi ni ya Amazon nchini Marekani. Juni 2023, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni hiyo kuhusu Prime, huduma yake ya uanachama wa kulipia unaojirudia. Kwa mujibu wa mashtaka, mtu angeweza kujiunga kwa kubonyeza mara moja au mbili, lakini njia ya kujitoa ilimpitisha kwenye kurasa nne, akibonyeza mara sita, mbele ya machaguo 15. Ndani ya kampuni njia hiyo ilipewa jina Iliad, jina la utenzi mrefu wa Kigiriki unaosimulia vita vya Troya. Mashtaka yalidai pia kwamba viongozi walichelewesha au kukataa mabadiliko ya kuirahisisha kwa sababu yangepunguza mapato. Kampuni ilikuwa imeirahisisha njia hiyo muda mfupi kabla ya kushtakiwa.

Septemba 2025 pande mbili zilimaliza kesi kwa makubaliano ya dola bilioni 2.5, bilioni 1 ikiwa faini na bilioni 1.5 ya kurudishiwa wateja, wakiwemo waliojaribu kujitoa mtandaoni wakashindwa. Amazon haikukiri kosa.

Makubaliano hayo yamewafanya watu waamini kwamba sasa Marekani ina sheria ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Haipo katika ngazi ya taifa zima. FTC ilipitisha kanuni ya namna hiyo Oktoba 2024, lakini Julai 2025 mahakama ya rufaa iliifuta kabla haijaanza kufanya kazi kikamilifu, kwa sababu ya kasoro katika utaratibu uliotumika kuitunga. Amazon ilishtakiwa kwa sheria nyingine, ya mwaka 2010, inayotaka huduma zinazouzwa mtandaoni kwa malipo ya kujirudia ziwe na njia rahisi ya kuyasimamisha. Ujerumani, kwa mfano, ina sheria ya wazi kuhusu kitufe: tangu Julai 1, 2022, kampuni inayouza mikataba ya namna hiyo mtandaoni lazima iweke kitufe kinachoonekana kirahisi, chenye maandishi ya moja kwa moja kama "Verträge hier kündigen", yaani sitisha mikataba hapa.

Katika habari zote za kesi hii, kinachonivutia kama mtu wa takwimu ni namba moja iliyoripotiwa na gazeti la mtandaoni la Business Insider mwaka 2022 kutokana na nyaraka za ndani: baada ya njia ya Iliad kuanza, idadi ya waliojitoa Prime ilishuka kwa asilimia 14 wakati fulani mwaka 2017. Mtu akikuletea namba hiyo mezani bila maelezo, utapiga makofi. Wateja wanaondoka kidogo zaidi! Lakini namba hiyo yenyewe haisemi kama watu walishawishika kubaki au walichoka njiani. Inahitaji kupimwa kwa njia nyingine.

Kipimo kinachodanganya

Kipimo ambacho makampuni mengi hukikimbilia ni hiki: kati ya waliofungua ukurasa wa kujitoa, wangapi wameghairi? Wakighairi wengi, wanasema kurasa za kushawishi zinafanya kazi.

Kuna matatizo mawili. La kwanza umeshaliona barazani kwa mama mdogo: kughairi na kukwama vinaandikwa kwa alama ileile. La pili ni zito zaidi, na huwapita hata wachambuzi wenye uzoefu. Kitufe kilichofichwa kinawachuja watu kabla kipimo hakijaanza. Anayekitafuta akakikosa hafiki kabisa kwenye ukurasa wa kujitoa, hivyo hayumo kwenye hesabu. Ni sawa na kupima shida ya usafiri kwa kuwahesabu abiria walio ndani ya daladala. Wote utakaowaona wamepata nafasi. Wale walioachwa kituoni hawamo kwenye karatasi yako, na kadiri daladala zinavyokuwa chache ndivyo karatasi yako inavyozidi kukosa watu wenye shida.

Kwa hiyo hesabu lazima ianze kwa wateja wote, si kwa waliobonyeza.

Jaribio la makundi mawili

Njia safi kuliko zote ni kuwagawa wateja kwa kura. Nitaeleza kwa mfano wa kubuni wenye namba za duara, ili hesabu zionekane vizuri.

Tuseme huduma ya filamu ina wateja 10,000, kila mmoja analipa shilingi 5,000 kwa mwezi. Kompyuta inawagawa kwa bahati nasibu, 5,000 kila upande. Kundi la kwanza linabaki na njia ya zamani: kitufe kimefichwa, kurasa nne. Kundi la pili linapewa kitufe chenye neno "Jitoe" kwenye ukurasa wa akaunti, na swali moja tu la kuthibitisha. Kura ipigwe kwa akaunti na isipigwe kwa kila ziara, vinginevyo mtu mmoja ataona njia mbili tofauti leo na kesho. Na watoa huduma kwa wateja wawajibu wote kwa namna moja, maana wakianza kuwasaidia kujitoa watu wa kundi la kwanza tu, jaribio limeharibika.

Mwezi wa kwanza unaisha. Kundi la njia ndefu lina wanaolipa 4,800, yaani asilimia 96. Kundi la njia fupi lina 4,450, asilimia 89. Hapo ndipo majaribio mengi hufia. Meneja anaona pengo la watu 350, anapata hofu, anaamuru kitufe kirudishwe kilikokuwa.

Anachokiona ni maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya ukuta. Katika wateja wa zamani kuna watu waliotaka kuondoka miezi mingi iliyopita wakakwama. Ukifungua mlango wanatoka wote kwa pamoja, na mwezi huo mmoja unaonekana kama msiba. Haufai kuhukumiwa peke yake. Ndiyo maana nasisitiza mambo mawili: jaribio liende angalau miezi sita, na wateja wapya waliojiunga baada ya jaribio kuanza wasomwe kwenye jedwali lao, kwa sababu wao hawana mrundikano wa nyuma.

Mwisho wa mwezi wa sita, kundi la njia ndefu lina wanaolipa 3,900. Kundi la njia fupi lina 3,700, wakiwemo waliotoka kisha wakarudi wenyewe. Pengo limepungua kutoka watu 350 hadi 200. Limepungua kwa sababu mbili: waliokwama kwenye njia ndefu wanaendelea kuchomoka kidogo kidogo kwa njia nyingine, na waliotoka kirahisi upande wa pili hurudi kirahisi wanapohitaji.

Sasa tunaweza kujibu swali letu. Kiwango cha kubaki cha miezi sita ni asilimia 78 kwa njia ndefu na asilimia 74 kwa njia fupi. Pointi 4 zimetokana na njia ya kujitoa peke yake, kwa kuwa kura imehakikisha kwamba hakuna kingine kinachotofautisha makundi haya. Je, haiwezi kuwa bahati tu? Kwa makundi ya ukubwa huu, bahati peke yake inaweza kuleta tofauti ya watu kama 80 hivi. Watu 200 wamepita mpaka huo mbali. Lakini kama kampuni yako ina wateja 600 tu, pengo la pointi 4 halithibitishi chochote, na usijenge hoja juu yake.

Bado kuna swali la haki ambalo mtetezi wa njia ndefu atauliza: huenda watu hao 200 walifurahi kubaki. Huenda zile kurasa ziliwakumbusha jambo walilolipenda. Ni swali zuri, na jibu lake liko kwenye data ya matumizi. Hesabu katika kila kundi wanaolipa lakini hawajafungua filamu hata moja kwa siku 30. Tuseme upande wa njia ndefu wako 900, upande wa njia fupi 720. Toa hao kwenye jumla. Njia ndefu inabaki na watu 3,000 wanaolipa na kutazama, njia fupi inabaki na 2,980. Tofauti ya watu 20 haina maana yoyote kitakwimu.

Rudia kuzisoma namba hizo taratibu. Kati ya wateja 200 ambao njia ndefu "iliwabakisha", 180 hawatumii huduma. Makundi mawili yana karibu idadi ileile ya watazamaji. Kilichozalishwa na vile vikwazo ni malipo ya watu wasiotazama.

Malipo hayo nayo yanahesabika. Chukua pengo la kila mwezi kati ya makundi mawili. Tuseme lilikwenda 350, 330, 300, 265, 230, hadi 200. Jumlisha: ni malipo 1,675 ya ziada, sawa na shilingi 8,375,000 kutoka kundi la watu 5,000 kwa nusu mwaka. Mhasibu ataziita mapato. Mimi nashauri ziandikwe kwenye mstari wake peke yake, kwa sababu ndizo pesa zinazoweza kudaiwa zirudishwe siku ambayo msimamizi wa soko atabisha hodi, na tayari tumeona dola bilioni 1.5 zikirudi kwa njia hiyo.

Si kila ukurasa kabla ya kujitoa ni kikwazo, na hapa watetezi wa wateja wakati mwingine hupitiliza. Mtu anayekwenda safari ya miezi miwili anaweza kufurahi kuambiwa kuwa anaweza kusimamisha kwa muda. Ukitaka kujua kama ofa yako inashawishi au inazuia, ongeza kundi la tatu: njia fupi ileile, pamoja na ukurasa mmoja wa ofa wenye "Endelea kujitoa" iliyoandikwa kwa ukubwa uleule wa "Baki". Kisha angalia wale walioipokea ofa. Wakirudi kutazama, umewashawishi. Wakibaki kimya kisha wakajitoa ofa inapokwisha, umewachelewesha tu.

Ukiwa huna ruhusa ya kufanya jaribio

Kampuni nyingi hazitakubali jaribio, na mtu wa nje hawezi kulifanya. Lakini upo wakati ambapo mfumo wenyewe hugeuza maana ya kimya bila mtu kupanga: kadi ya benki inapofika mwisho wa muda wake au inapobadilishwa.

Fikiria mteja ambaye kadi yake imebadilishwa Machi. Huduma ikijaribu kukata, malipo yanagoma. Mwezi huo lazima afanye jambo ili abaki, yaani aingize namba mpya. Kwa mara ya kwanza tangu ajiunge, kimya maana yake ni kuondoka, kama king'amuzi. Hakuchagua mwezi huo kwa sababu amechoka na huduma. Umechaguliwa na tarehe ya kadi. Ukilinganisha walioondoka mwezi wa kadi mpya na walioondoka miezi ya jirani, unapata picha ya watu waliokuwa wakilipa bila kuamua.

Wanauchumi watatu wa Marekani, Liran Einav, Benjamin Klopack na Neale Mahoney, walitumia mbinu hiyo kwenye data ya kadi za malipo kwa huduma kumi maarufu. Waliona kuondoka kunaruka juu mwezi ambao kadi inabadilishwa. Makisio yao ni kwamba kutokuwa makini kwa wateja kunaongeza mapato ya wauzaji kwa asilimia 14 katika huduma moja, na kwa zaidi ya asilimia 200 katika nyingine. Ni lazima niwe mwangalifu hapa. Namba hizo zinapima usahaulifu na vikwazo vikiwa vimechanganyika, kwa sababu aliyesahau na aliyeshindwa kukiona kitufe wote wanaachiliwa na kadi ileile. Hata kitufe kikiwa wazi, wapo watakaosahau. Njia ya kadi inakuonyesha ukubwa wa bwawa lote, na jaribio la makundi mawili linakuonyesha maji yaliyozuiliwa na kitufe.

Kwetu mtu anaweza kupata wazo la kulinganisha wanaolipa kwa kadi na wanaolipa kwa pesa za simu, ambapo mara nyingi unaingiza namba ya siri kila malipo. Wa pesa za simu wataonekana wanaondoka zaidi, na utashawishika kusema tofauti yote ni vikwazo. Usifanye hivyo. Wanaotumia kadi huenda wana kipato kingine na mazoea mengine, wala hawakugawanywa kwa kura. Ulinganisho huo unafaa kukupa shaka, haufai kukupa jibu.

Ukibaki na ripoti tu mkononi, bila jaribio wala data ya kadi, kuna alama chache za kutafuta. Omba idadi ya wanaolipa bila kutumia huduma kwa siku 60, na uone kama inakua kuliko idadi ya wateja wote. Soma ujumbe unaoingia huduma kwa wateja na uhesabu unaouliza "najitoaje". Tazama malalamiko ya malipo yanayopelekwa benki, maana mtu aliyekosa mlango kwa kampuni huenda kuugonga kwa benki yake. Tazama pia malipo yaliyoshindikana, na hapo uangalie kwa makini zaidi, kwa sababu ripoti nyingi huwaweka watu hao kwenye fungu la matatizo ya kiufundi na kuwatoa kwenye hesabu ya walioondoka kwa hiari.

Mama mdogo yumo katika fungu hilo sasa. Hatukuirudia ile njia ya kurasa. Malipo yake yalikuwa yanapita kwenye kadi ya mtandaoni inayojazwa kutoka kwenye simu, kwa hiyo jioni ile alihamisha salio lote, akaiacha kadi tupu. Ile programu ilijaribu kukata siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, kila mara ikimtumia ujumbe kwamba kuna hitilafu kwenye malipo yake na aisahihishe ili asipoteze mapishi. Baada ya jaribio la siku ya saba ujumbe ulikoma. Mahali fulani kuna jedwali lenye mstari wake, na kwenye safu ya sababu ya kuondoka, kama ni jedwali la kawaida, imeandikwa "salio halitoshi".